Viungo Vilivyokatika: Namna ya Kusoma Ripoti ya Ukaguzi wa Tovuti

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Jeneva, alipendekeza mfumo wa kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa wavuti. Jambo moja katika muundo wake ndilo linalotuhusu katika makala haya: kiungo cha wavuti huelekea upande mmoja tu. Ukurasa wa kwanza hutaja anwani ya ukurasa wa pili, lakini ukurasa wa pili haupewi habari kwamba umetajwa.

Muundo huo una faida na hasara. Faida yake ni kwamba mtu yeyote aweza kuunganisha ukurasa wake na wa mwingine bila ya kuomba ruhusa, na hii ni sababu mojawapo iliyofanya wavuti uenee upesi. Hasara yake ni kwamba ukurasa unapofutwa, au unapohamishiwa anwani nyingine, hakuna anayeziarifu kurasa zote zilizokuwa zikiutaja. Viungo vyao hubakia kama vilivyokuwa, vikielekeza mahali pasipo na kitu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 na Kituo cha Utafiti cha Pew cha Marekani ulionyesha kwamba, kati ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikuweza kupatikana tena miaka kumi baadaye.

Tuchukue kampuni inayouza pampu za maji. Mkulima ambaye pampu yake inatoa moshi hafungui tovuti ya kampuni hiyo kwa kujiburudisha. Anatafuta mwongozo wa kuizima na kuifungua, au fomu ya kuagiza kipuri. Akikuta kiungo kilichokatika, shamba lake linaendelea kukauka, na kampuni haipati hata habari kwamba alifika mlangoni. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huweka programu ya kuikagua tovuti yote kwa ratiba maalumu na kutoa ripoti ya makosa. Kuipata ripoti hiyo ni rahisi. Ugumu umo katika kuisoma, kwa maana idadi ya makosa yanayoandikwa humo yaweza kupanda bila tovuti kuharibika, na yaweza kushuka bila kitu chochote kutengenezwa.

Jinsi programu inavyotambaa

Programu ya ukaguzi, ambayo tutaiita programu tambazi, haina macho ya kuiona tovuti nzima kwa mara moja. Huanza na ukurasa mmoja, kwa kawaida ukurasa wa mwanzo. Huusoma, huvikusanya viungo vyote vilivyomo, na kuviweka katika foleni. Kisha huchukua anwani iliyo mbele ya foleni na kurudia kazi ileile, hadi foleni itakapokwisha. Anwani iliyokwisha kuingia katika foleni haiingizwi mara ya pili, kwani bila sharti hilo programu ingezunguka milele kati ya kurasa mbili zinazotajana.

Msomaji anaweza kuifanya kazi hii kwa karatasi na kalamu. Tuseme tovuti ina kurasa A, B, C, E na F. Ukurasa A unataja B na C. Ukurasa B unataja A na D. Ukurasa C unataja D na E. Ukurasa E hautaji chochote. Ukurasa F unataja A, lakini hakuna ukurasa unaoutaja F. Ukurasa D ulifutwa zamani.

Programu inaanza na A, na kuweka B na C katika foleni. Inafika B: A imekwisha kujulikana, kwa hiyo inaongezwa D peke yake. Inafika C: D imo tayari, inaongezwa E. Inafika D na kujibiwa kwamba ukurasa huo haupo. Inafika E, haikuti kiungo, na foleni imekwisha. Maombi yaliyotumwa ni matano. Hata hivyo ripoti itakuwa na mistari miwili ya makosa, kwa kuwa D inatajwa na B na pia na C, na mtengenezaji anahitaji kujua mahali pote panapohitaji marekebisho. Tena ukurasa F, ingawa upo na ni mzima, haukuonekana kabisa. Mambo haya mawili yatatufaa sana tutakapoisoma ripoti ya kampuni.

Majibu ya seva

Kila ombi linapofika katika seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti na kuwahudumia wageni wake, seva hujibu kwanza kwa namba yenye tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayoonyesha aina ya jibu. Namba inayoanza na 2 ina maana kwamba ombi limekubaliwa, na iliyo ya kawaida ni 200. Inayoanza na 3 humwelekeza mwombaji kwenye anwani nyingine. Inayoanza na 4 husema kwamba kasoro imo katika ombi lenyewe: 404 ni anwani isiyopatikana, 403 ni mlango uliokatazwa. Inayoanza na 5 husema kwamba seva yenyewe imeshindwa: 500 ni hitilafu ya ndani, na 503 ni kwamba haiwezi kuhudumia kwa wakati huo.

Mtu anaweza kuiona namba hiyo kwa amri fupi:

```
curl -I https://pampu.example/huduma/matengenezo
HTTP/1.1 404 Not Found
```

Tofauti kati ya 404 na 503 si ndogo. Jibu la kwanza litabaki vilevile kesho na keshokutwa mpaka mtu achukue hatua. Jibu la pili laweza kutoweka baada ya dakika kumi.

Ripoti ya mistari 736

Sasa na tuirudie kampuni yetu ya mfano. Tovuti yake ina kurasa 640. Ukijumlisha picha, miongozo na viungo vinavyotoka nje ya tovuti, anwani zote za kukaguliwa ni 3,040. Programu imeamriwa kutuma ombi moja kwa kila sekunde ili isiilemee seva, kwa hiyo kazi yote huchukua kama dakika 51. Ratiba yake imeandikwa hivi:

```
0 2 * * 0  /usr/local/bin/kagua-tovuti
```

Tarakimu hizo, kutoka kushoto, ni dakika ya 0, saa ya 2, kila tarehe, kila mwezi, siku ya Jumapili. Ikumbukwe kwamba kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane, si tangu machweo kama tufanyavyo sisi. Saa ya 2 ya kompyuta ni saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili.

Jumatatu asubuhi ripoti inasomwa, nayo ina mistari 736 ya makosa. Hii ni sehemu yake:

```
chanzo         lengo                  hali
/              /huduma/matengenezo    404
/pampu/p12     /miongozo/p12.pdf      404
/pampu/p13     /miongozo/p13.pdf      404
/habari/mvua   /picha/mvua-2.jpg      503
/vipuri        /Fomu-ya-kuagiza       404
```

Mtu asiyezoea huanza na mstari wa kwanza na kushuka chini, akitengeneza mmoja baada ya mwingine. Huyo atachoka kabla ya kufika mstari wa mia moja. Njia iliyo bora ni kuipanga ripoti upya mara mbili: kwanza kwa kufuata lengo, kisha kwa kufuata namba ya hali. Ndipo mistari 736 inapogawanyika katika mafungu matano.

Fungu la kwanza lina mistari 640, na yote inalenga anwani moja, `/huduma/matengenezo`. Idadi hiyo ni sawasawa na idadi ya kurasa za tovuti, na usawa huo ndio unaofichua chanzo. Kiungo kinachoonekana katika kila ukurasa hakikuandikwa mara 640. Kimo katika menyu, ambayo imeandikwa mara moja katika faili moja, na faili hiyo huingizwa katika kila ukurasa. Ukurasa wa matengenezo ulipofutwa, menyu haikurekebishwa. Basi mistari 640 inaondoka kwa kubadilisha mstari mmoja.

Fungu la pili lina mistari 58. Hapa malengo ni tofauti, lakini yote yanaanza na `/miongozo/`. Miongozo ya pampu 58 haikufutwa. Folda iliyokuwamo ilibadilishwa jina ikawa `/nyaraka/`. Kuandika upya viungo 58 kungeifaa tovuti yenyewe, lakini kusingewafaa wakulima waliohifadhi anwani za zamani katika simu zao, wala mafundi walioziandika katika kurasa zao ambazo kampuni haizijui. Dawa ni kuiagiza seva imwelekeze kila aombaye anwani ya zamani kwenye anwani mpya, kwa jibu la 301, ambalo maana yake ni kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Katika seva ya aina ya nginx inatosha kuandika:

```
rewrite ^/miongozo/(.*)$ /nyaraka/$1 permanent;
```

Fungu la tatu lina mistari 31 yenye namba 503. Kurasa na picha zinazotajwa humo hazina uhusiano wowote baina yao, na zikijaribiwa Jumatatu mchana zote zinafunguka. Kinachoziunganisha ni saa. Ukaguzi wa zote ulifanyika kati ya saa nane na nusu na saa tisa kasorobo usiku, wakati ambao seva ya kampuni hunakili hifadhidata yake kwa usalama. Hakuna kiungo cha kutengeneza hapa. Kinachopaswa kubadilishwa ni ratiba, ili kazi hizi mbili zisigongane. Hali kadhalika programu iamriwe kurudia ombi lililojibiwa kwa namba inayoanza na 5, mara mbili au tatu kwa kupitisha muda, kabla ya kuliandika kuwa kosa.

Fungu la nne lina mistari sita tu yenye namba 403, na yote inaelekea tovuti za watu wengine. Zikifunguliwa kwa kivinjari cha kawaida zinaonekana vizuri. Baadhi ya tovuti huzitambua programu zinazotambaa na kuzifungia mlango, huku zikiwapokea wageni walio binadamu. Mistari hii isiandikwe kuwa imekatika wala kuwa mizima. Iandikwe kwamba haijathibitishwa, na mtu aifungue kwa mkono.

Fungu la tano lina mstari mmoja. Ukurasa wa vipuri unataja `/Fomu-ya-kuagiza`, kwa herufi kubwa F, na faili iliyomo katika seva inaanza na f ndogo. Mwandishi wa ukurasa huo aliujaribu katika kompyuta yenye Windows, ambayo kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, akaona unafanya kazi. Seva ya kampuni inatumia Linux, inayozitofautisha. Mstari huu ulikuwa chini kabisa ya ripoti, na kwa hesabu ya mistari ni sehemu moja kati ya 736. Lakini daftari la seva, ambamo kila ombi la mgeni huandikwa, linaonyesha kwamba katika juma hilo watu 187 walibofya kiungo hicho na kurudishwa na 404. Kiungo cha menyu chenye mistari 640 kilibofywa na watu tisa.

Kwa hiyo ripoti ya programu tambazi haitoshi kuamua lipi litangulie. Yenyewe hueleza kiungo kimeandikwa mara ngapi. Daftari la seva ndilo linaloeleza kimehitajiwa mara ngapi. Katika mfano wetu, mistari 736 ina vyanzo vitatu vya kweli vya kutengenezwa katika tovuti, jambo moja la ratiba, na viungo sita vya kufunguliwa kwa mkono. Na kilicho cha kwanza kwa uzito ndicho kilichokuwa cha mwisho kwa idadi.

Makosa yanapopungua

Marekebisho yanafanywa, na Jumatatu inayofuata ripoti inaonyesha makosa tisa tu. Je, kampuni ishangilie? La, mpaka iangaliwe namba nyingine iliyo juu ya ripoti, ambayo wengi huipita: idadi ya kurasa zilizotembelewa. Juma lililopita zilikuwa 640. Juma hili ni 212.

Kurasa 428 zimekwenda wapi? Zimo katika seva, na mwenye kuijua anwani ya mojawapo ataifungua. Fundi aliyeirekebisha menyu alikiondoa kiungo cha matengenezo, na kwa bahati mbaya akakiondoa pia kiungo cha orodha ya bidhaa kilichokuwa chini yake. Kurasa za bidhaa zilikuwa zikifikiwa kwa njia hiyo peke yake. Sasa ziko katika hali ya ukurasa F wa mfano wetu wa karatasi: nzima, lakini hazitajwi na yeyote. Huitwa kurasa yatima. Programu tambazi haiwezi kuziripoti, kwa kuwa haijui kwamba zipo. Na makosa yaliyokuwa ndani yake yametoweka katika ripoti pamoja nazo.

Ndiyo maana kosa lililotoweka lisihesabiwe kuwa limetengenezwa papo hapo. Kila mstari wa makosa hutambulishwa na vitu viwili, chanzo na lengo. Mstari wa juma lililopita usipoonekana juma hili, iulizwe kwanza: je, ukurasa ulio chanzo umetembelewa juma hili? Ukiwa umetembelewa na kiungo kibovu hakimo tena, au lengo lake sasa linajibu vizuri, kosa limetengenezwa. Ukiwa haukutembelewa, hali ya kosa haijulikani, na mstari ubaki katika orodha. Ili kuzigundua kurasa yatima, orodha ya kurasa zilizotembelewa hulinganishwa na orodha nyingine iliyopatikana kwa njia tofauti, kama vile faili ya `sitemap.xml`, ambayo tovuti nyingi huiweka ili kuorodhesha anwani zake, au orodha inayotolewa na hifadhidata yenyewe. Anwani iliyomo katika orodha ya pili na isiyomo katika ya kwanza ni yatima.

Kuna njia nyingine ya kupunguza makosa bila kutengeneza kitu, nayo ni ya hatari zaidi. Seva yaweza kuagizwa kwamba anwani yoyote isiyokuwapo ijibiwe kwa kupelekwa ukurasa wa mwanzo, au kwa ukurasa wenye maneno ya kuomba radhi lakini wenye namba 200. Siku hiyo ripoti itatoka safi kabisa, kwani kila kiungo kilichokatika kitakuwa kinajibu vizuri. Mkulima aliyeomba mwongozo wa pampu ataletewa picha za matangazo, na hatajua kama mwongozo umehama, umefutwa, au yeye mwenyewe amekosea. Programu nayo haitajua, kwa sababu inasoma namba wala haielewi maneno.

Kuligundua kosa la namna hii hakuhitaji chombo kikubwa. Katika kila ukaguzi programu itume ombi moja kwa anwani ambayo ni hakika haipo:

```
curl -I https://pampu.example/jaribio-hakuna-7391
```

Jibu sahihi ni 404. Likija 200, au likija jibu la kuelekeza ukurasa wa mwanzo, basi ripoti nzima ya siku hiyo haiaminiki, hata ikiwa haina kosa hata moja. Ni sawa na kukipima kipimajoto katika barafu inayoyeyuka kabla ya kukitumia: kisiposoma sifuri pale panapojulikana kuwa ni sifuri, masomo yake mengine hayafai.

Zoezi kwa wanafunzi

Shule yenye kompyuta na tovuti yake yenyewe inaweza kuikagua, kwa idhini ya anayeitunza. Amri ifuatayo hufuata viungo hadi hatua mbili kutoka ukurasa wa mwanzo, ikisubiri sekunde moja baina ya maombi, na kuandika matokeo katika faili `ripoti.txt`. Mahali pa anwani ya mfano iwekwe anwani ya shule.

```
wget --spider -r -l 2 -w 1 -o ripoti.txt https://shule.example/
```

Mwishoni mwa faili hiyo programu huorodhesha viungo ilivyovikuta vimekatika. Wanafunzi waipange orodha hiyo kwa vyanzo, na waandike kila chanzo kimezaa mistari mingapi.

Shule isiyo na kompyuta iitumie tovuti ya karatasi iliyoelezwa hapo juu. Wanafunzi wachore kurasa A hadi F kwa mishale, kisha wajibu maswali haya. Kwanza, ukurasa B ukikifuta kiungo chake cha kwenda D, na ukurasa C ukabaki ulivyo, ripoti itakuwa na mistari mingapi, na maombi mangapi yatatumwa? Pili, ukurasa A ukikifuta kiungo chake cha kwenda C, ripoti itapungua kwa mstari mmoja. Je, kuna kilichotengenezwa? Tatu, ni orodha gani inayohitajika ili ukurasa F ugunduliwe, na kwa nini programu tambazi peke yake haitaugundua kamwe, hata ikitumwa kila siku?